Hamisha Sahani Kubwa: Wiki ya Kula Bila Kuungua Kifua, Rusizi

Kama unafunga mlango wa nyumba yako Kamembe saa kumi na moja alfajiri na kuufungua tena saa mbili usiku, najua ulivyokula jana ingawa hatujawahi kuonana. Asubuhi ulikunywa chai ya rangi kali na andazi, umesimama. Mchana wateja walikuwa wengi, ukatuliza njaa kwa sambusa mbili na fanta ya baridi. Usiku ukaingia nyumbani na njaa ya siku nzima, ukapakuliwa mlima wa ugali wa muhogo na maharage yaliyokaangwa kwa mawese, vitunguu na nyanya. Ukamaliza sahani, ukaongeza kidogo, na nusu saa baadaye ukawa umelala. Saa saba za usiku ukaamka, moto umepanda hadi kooni, mdomo umejaa maji machungu, unapapasa gizani kutafuta kikombe.

Umeshaambiwa uache pilipili. Iache, sina ubishi. Lakini nimeona watu wengi mno walioacha pilipili, wakaacha ndimu, wakaacha hata nyanya, na bado wanaamka saa saba. Waliacha viungo, wakaiacha ile sahani ya usiku palepale ilipokuwa. Wiki hii usianze na orodha ya marufuku. Anza na saa. Sahani yako kubwa iondoke usiku ihamie mchana, na ili ihamie mchana lazima uibebe kutoka nyumbani. Mengine yote nitakayosema ni ya kuiwezesha kazi hiyo moja.

Sababu yake ni hii. Pale umio unapokutana na tumbo pana msuli mfano wa pete. Ukimeza unafunguka, chakula kikishapita unajifunga. Mtu anayesumbuliwa na kiungulia cha mara kwa mara, msuli huo hulegea wakati usiofaa, na tindikali ya tumbo hupanda kwenye umio, ambao haukuumbwa kuihimili. Mambo matatu huulegeza au kuuzidi nguvu kwa urahisi: tumbo lililotanuka kwa chakula kingi, mafuta mengi ambayo pia huchelewesha chakula kutoka tumboni, na kulala chali kabla tumbo halijashuka. Tumbo la namna hiyo ni kama gunia la maharage lililoshindiliwa hadi mdomoni na kufungwa kwa kamba mbovu. Likisimama litajikaza. Lilaze uone.

Sasa itazame tena sahani yako ya saa mbili usiku: nyingi, ya mafuta, na kitanda kiko hatua tano. Umeyakusanya yote matatu. Hata bila chembe ya pilipili ungeungua tu.

Kanuni ya muda ni kwamba kati ya mlo wa mwisho na kulala zipite angalau saa tatu. Anayelala saa nne usiku amalize kula saa moja. Hapo ndipo wengi wa Rusizi wanapokwama, maana saa moja bado wako njiani. Wanaouza mboga ng'ambo ya daraja la Rusizi ya Kwanza hawajarudi kutoka Bukavu, wachumaji chai wa Shagasha ndio kwanza wanapanda kurudi nyumbani, na zamu ya kiwanda cha saruji kule Bugarama haiulizi kifua chako kikoje. Kwa hiyo ule kabla hujafika nyumbani, na ukifika nyumbani ule kidogo sana.

Tumchukue mama anayevuka na mboga kila siku isipokuwa Jumapili. Kazi yake naichagua kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo ngumu kupangia: hana jiko huko aendako, hana jokofu, hana mahali pa kukaa, na mkono wake mmoja daima umeshika mzigo. Mpango ukimfaa huyu, wewe mwenye meza ofisini au benchi kituo cha basi huna kisingizio.

Siku yake iwe hivi. Anaamka saa kumi na nusu, anakunywa uji wa mtama au wa mahindi, kikombe kimoja, sukari kidogo. Uji wenyewe si mzigo: vijiko vikubwa vitatu vya unga kwa kikombe, na nusu kilo ya unga inamfikisha mwisho wa wiki. Saa nne asubuhi anakula ndizi mbivu moja au mbili. Saa sita na nusu hadi saa saba mchana anafungua bakuli lake, anakaa chini, anakula sahani yake kubwa ya siku. Saa kumi na moja jioni, kabla ya kuanza safari ya kurudi, anakula kiazi kitamu cha kuchemsha alichobakiza au kipande cha papai. Akifika nyumbani saa mbili anakaa na watoto kwenye mlo, lakini yeye anakunywa kikombe cha uji au mchuzi mwepesi wa karoti na vijiko vichache vya chakula. Saa tano analala.

Najua hilo la usiku ndilo litakalopigiwa kelele. Mama asiyekula na wanawe anaulizwa kama anaumwa, na baba anayesukuma sahani huonekana amekula kwingine. Waambie mapema, Jumapili, kabla hujaanza: nimehamisha chakula changu mchana, usiku nitakaa nanyi na kikombe changu. Mpakuaji akishasikia mara moja atakoma kukuongezea. Usipomwambia, sahani itakuja imejaa, nawe kwa heshima utaimaliza, na saa saba utajua.

Sasa pesa. Tuseme unatumia faranga 1,000 kila siku ya kazi kwa chai, maandazi, sambusa na soda. Kwa siku sita ni 6,000, na hizo ndizo bajeti yako. Hatuongezi hata moja. Bei za sokoni Kamembe hazikai mahali pamoja, kwa hiyo nakupa vipimo ili ukakokotoe mwenyewe siku ya kununua.

Kwa mtu mmoja, milo sita ya mchana, beba kikapu hiki: nusu kilo ya maharage makavu, kilo moja na nusu ya viazi vitamu, kilo moja ya ndizi za kupika, nusu kilo ya magimbi, nusu kilo ya viazi mviringo, robo kilo ya mchele, robo kilo ya unga wa muhogo, konzi mbili za sambaza kavu, nusu kilo ya karoti, mafungu manne ya dodo, mayai mawili, ndizi mbivu kumi na mbili, papai moja na nusu kilo ya unga wa uji. Mafuta hununui. Kijiko kimoja cha chai kwa mlo kinatosha, na hicho kitatoka kwenye chupa ya nyumbani.

Pesa zikipungua, toa mayai kwanza, kisha papai, kisha punguza sambaza ziwe konzi moja, kwa kuwa maharage yatakupa protini. Usikate ndizi mbivu. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayokuzuia kufika mchana ukiwa na njaa inayokufanya umeze bila kutafuna, na ndiyo inayokupitisha mbele ya kikaango cha sambusa bila kusimama.

Nenda sokoni Jumamosi. Ikiwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo asubuhi ni umuganda na shughuli zimesimama, basi nunua Ijumaa jioni. Nimeona mpango mzima ukivunjika kwa kitu kidogo kama hicho: mtu kaamka Jumatatu hana kiazi, karudi kwenye andazi.

Jambo la pili linalovunja mipango ya aina hii ni ushauri wa kupika chakula cha wiki nzima kwa siku moja. Ushauri huo ni wa mwenye jokofu. Kamembe iko juu, jioni zake zina ubaridi, na maharage yaliyochemshwa vizuri, yakafunikwa na kuchemshwa tena kila jioni, yatakuvusha siku mbili. Bugarama ni habari nyingine. Bonde lile ndilo sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, ziwani kwenda mtoni unateremka hadi mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake linaharibu sufuria kabla ya kesho. Anayefanya kazi kule apike kila jioni. Maharage yakitoa povu bila moto, yakivuta nyuzi kijikoni, au yakinuka uchachu hata kidogo, yamwage. Tumbo linalotapika litaunguza umio kuliko kiungulia cha mwezi mzima.

Kwa hiyo wa Kamembe apike maharage mara mbili, Jumapili jioni na Jumatano jioni. Yaloweke tangu usiku uliotangulia, asubuhi mwaga maji yale, weka mapya ndipo upike. Maji ya kulowekea yanaondoka na sehemu ya ile sukari inayoleta gesi tumboni, na gesi nayo inasukuma juu. Faida ya pili utaiona kwenye makaa: maharage yaliyolowekwa yanaiva mapema zaidi.

Na hapa pana siri ndogo ambayo kwangu ina thamani kuliko orodha yote ya vyakula. Huna haja ya sufuria yako mwenyewe. Nyumbani wanachemsha maharage, kisha wanakaanga kitunguu, nyanya na mawese, kisha wanaunga. Chota sehemu yako kabla ya kuunga. Simama hapo kando ya jiko la makaa na bakuli lako, sema, "Mama, nichotee yangu kabla hujatia mafuta," au kama mpishi ni wewe, chota na ufunike. Familia itakula chakula chake kama ilivyozoea, wewe utakuwa na maharage meupe ambayo utayatia karoti iliyokunwa, chumvi na kijiko chako kimoja cha mafuta. Karoti ikichemka na maharage inayeyuka, inatoa rangi na utamu, na mchuzi unakuwa mzito. Nyanya hutaikumbuka sana. Isombe nayo ni hivyohivyo: ichote ikiwa imeiva sawasawa kabla ya mawese na karanga.

Jumatatu, bakulini weka viazi vitamu viwili vya ukubwa wa ngumi, maharage kikombe kimoja na dodo ya kuchemsha. Kiazi kimoja cha ziada kiwe mfukoni kwa saa kumi na moja. Huu ndio mlo mwepesi zaidi kuubeba, na ndiyo sababu nimeuweka siku ya kwanza. Viazi vitamu havimwagiki, havihitaji kupashwa moto, na vikipoa bado vinalika vizuri.

Jumanne, ndizi za kupika zilizochemshwa pamoja na karoti na maharage yaliyobaki, mchuzi ukiwa mzito. Usizikaange kwanza. Ndizi za kukaanga zinazouzwa vibandani zina ladha, kweli, ila zimekunywa mafuta mengi, nayo mafuta ndiyo tunayoyakimbia.

Jumatano, wali wa mchele wa Bugarama na sambaza. Hapa nitakaa kidogo. Samaki hawa wadogo waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ukisema Rusizi bila sambaza unaonekana mgeni. Tatizo ni kwamba tumewazoea katika namna moja tu, wamekaangwa hadi wakauke, na pilipili ya mafuta pembeni. Wewe wachukue wakavu, uwaoshe kwa maji ya moto mara mbili kupunguza mchanga na ukali wa harufu, uwachemshe dakika kumi na tano na karoti na kitunguu kidogo kilichoiva hadi kikalainika. Kitunguu kibichi kinawaudhi wengi. Kilichopikwa sana kwa kawaida kinavumilika. Utapata mchuzi mwembamba wenye ladha ya ziwa.

Ila wali una sharti lake. Upike alfajiri ileile ya kuubeba, uufungashe ukiwa wa moto kabisa kwenye chombo cha kutunza joto, na uule mchana huo. Wali wa jana uliokaa usiku kucha kwenye sufuria unaweza kuwa na vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuupasha moto. Kama huwezi kupika alfajiri, Jumatano yako iwe ya viazi vitamu tena. Hakuna atakayekukagua.

Alhamisi, magimbi na maharage mapya ya Jumatano jioni, na dodo. Magimbi yaive mpaka yalainike kabisa, maana yasipoiva yanawasha koo, na koo lako tayari lina kazi. Ijumaa, viazi mviringo vya kuchemsha, mayai mawili ya kuchemsha, karoti na dodo. Jumamosi, ugali wa muhogo uliofungwa kwenye jani la mgomba ukiwa moto, pamoja na isombe uliyoichota kabla ya mawese, na konzi ya pili ya sambaza.

Jumapili hukupangiwa. Kula na familia, kula nyama kama ipo, ila mlo mkubwa uwe saa saba mchana baada ya kutoka kanisani au msikitini, na usilale baada yake. Tembea. Ukitaka brosheti ya mbuzi, kula jioni moja kabla ya saa kumi na mbili, bila ndizi za kukaanga na bila bia. Pombe ya ndizi na bia zote hulegeza ule msuli, na bia inaongeza gesi juu yake.

Kuhusu vinywaji sina mengi. Maji, kidogo kidogo siku nzima, badala ya lita moja juu ya chakula. Soda iondoke kabisa kwa wiki hii kwa sababu gesi yake inatanua tumbo. Chai iwe nyepesi, na iwe baada ya uji, si tumboni patupu. Kahawa iache wiki hii uone tofauti, baadaye uijaribu. Maziwa yanawadanganya wengi: kikombe cha maziwa usiku kinatuliza moto kwa muda mfupi, kisha mafuta yake na tindikali mpya ambayo tumbo linatoa ili kuyasaga vinakurudisha ulipokuwa. Kama unapenda ikivuguto, kunywa kikombe kidogo saa kumi jioni, si wakati wa kulala. Matunda nayo, chagua papai na ndizi mbivu. Nanasi, machungwa na maracuja viache vipite. Parachichi ni tunda jema lakini lina mafuta mengi, robo kwenye mlo wa mchana inatosha.

Sasa mwili wenyewe. Mama anayevuka daraja anafunga kitenge kiunoni, na kwa sababu ya mzigo anakifunga kwa nguvu. Baada ya kula, kilegeze, au ukifunge chini ya tumbo, kwenye nyonga. Mwanaume mwenye mkanda, legeza tundu moja. Tumbo lililobanwa na kitambaa linabanwa kutoka nje sawasawa na linavyobanwa na chakula kutoka ndani. Na kwa saa moja baada ya mlo wa mchana, usiiname kufunga mafurushi. Ukilazimika kuchukua kitu chini, chuchumaa mgongo ukiwa wima. Ukiona moto unapanda kila unapoinama baada ya kula, hilo ndilo jibu lako, usianze kulaumu viazi.

Usiku, inua kichwa cha kitanda kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali moja chini ya kila mguu wa upande wa kichwani linatosha, angalia tu kwamba kitanda hakitikisiki. Kurundika mito hakusaidii sana. Unakunja kiuno na kulibana tumbo. Kama godoro lako liko chini, kunja magunia mawili uyaweke chini ya godoro kuanzia mabegani kwenda kichwani, yafanye mteremko. Lala ubavu wa kushoto. Kwa namna tumbo lilivyokaa mwilini, ukilala kushoto tindikali inakaa chini ya mlango wa umio, ukilala kulia inakuwa karibu nao zaidi.

Kisha hesabu. Chukua kalenda ya ukutani na kalamu. Kila asubuhi weka alama moja kama uliamshwa na moto usiku, duara kama hukuamka. Usiandike habari ndefu, hutaendelea nazo. Mwisho wa wiki ya pili itazame. Alama zikipungua, usibadilishe kitu wiki moja zaidi, kisha rudisha kitu kimoja tu ulichokikosa sana, labda nyanya kidogo kwenye maharage ya mchana, kwa siku tatu. Ukibaki salama, nyanya ni yako. Ukiungua, umejua, na hukuhitaji kuuliza mtu. Watu hawafanani: yupo anayekula nyanya bila shida na kuunguzwa na chai, yupo kinyume chake. Ukirudisha vitu vitano kwa pamoja hutajua mchawi ni nani.

Alama zisipopungua, tazama unaungua saa ngapi. Ukiungua mchana muda mfupi baada ya bakuli, bakuli ni kubwa mno au mafuta yameingia bila ruhusa yako: ligawe mara mbili, nusu saa sita, nusu saa tisa. Ukiungua usiku tu, angalia saa ya mlo wa mwisho kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Maumivu yakija tumbo likiwa tupu, juu ya kitovu, na yakatulia ukila, hicho huenda si kiungulia. Huenda ni vidonda vya tumbo, ambavyo mara nyingi vinaletwa na bakteria na vina dawa yake. Viazi vitamu havitaviponya. Kituo cha afya wanaweza kukupima.

Tazama pia vidonge unavyomeza. Anayebeba mizigo anaumwa mgongo, na anayeumwa mgongo hununua ibuprofeni au diklofenaki dukani bila kuuliza. Dawa hizo zinaudhi tumbo na umio. Mwambie mfamasia una kiungulia kabla hajakupa. Na kama daktari amekuandikia omeprazoli, imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo wa kwanza. Wengi wanaimeza usiku moto ukishawaka, kisha wanasema dawa haifanyi kazi. Kwa ratiba ya mama yetu, kidonge kinamezwa saa kumi na nusu anapoamka, uji unanywewa akishaoga na kufunga mzigo.

Kuna ishara ambazo hazingoji wiki mbili wala wiki moja. Chakula kinakwama unapomeza. Unapungua uzito bila kutaka. Unatapika damu au kitu cheusi kama kahawa iliyosagwa, au choo ni cheusi kama lami. Hapo acha kikapu, nenda hospitali, Gihundwe kama uko Kamembe, Mibilizi kama uko karibu nayo. Na maumivu ya kifua yanayobana, yakashuka mkononi au kupanda tayani, ukitoka jasho na kukosa pumzi, yasiitwe kiungulia mpaka daktari aseme hivyo.

Kama huna hata moja kati ya hizo, huna cha kusubiri. Leo usiku gawanya ile sahani katikati, nusu uifunike kwa ajili ya mtu mwingine, na kaa wima mpaka saa tatu zipite. Jumamosi beba kikapu, na usiku loweka maharage. Jumapili asubuhi yabadilishie maji, yapike jioni, chota yako kabla ya mafuta, chemsha na viazi. Jumatatu saa saba mchana, wateja wawepo wasiwepo, kaa chini ufungue bakuli. Na kama Jumatatu ya tatu itafika kalenda bado imejaa alama, chukua kitambulisho chako cha mityueli na hiyo kalenda yenyewe, upeleke vyote viwili kituo cha afya.